Ijumaa Ipi, Saa Ngapi: Tangazo la Jioni ya Mashairi

Tangazo la kuwaalika wanafunzi kwenye jioni ya mashairi husomwa na mtu aliyesimama. Kengele imeshalia au iko karibu kulia, wenzake wamejazana nyuma yake, na pengine anayaona maandishi kwa upande tu, juu ya bega la aliyemtangulia. Kwa muda huo mfupi anapaswa kuondoka akijua jambo lenyewe ni nini, linamhusu au halimhusu, litakuwa lini, wapi, litaisha saa ngapi, na afanye nini kama na yeye ana shairi lake.

Hapo ndipo tangazo linapoachana na barua ya mwaliko. Barua humwendea mtu mmoja kwa jina lake, naye akitatizwa anaweza kujibu na kuuliza. Tangazo huusemesha umati, na karatasi iliyobandikwa ukutani haiulizwi kitu. Kila jambo lililoachwa nje hugeuka swali, na maswali hayo humfuata mwalimu wa Kiswahili korido nzima kwa wiki mbili.

Matangazo mengi ya shule hayaharibiki kwa sababu mwandishi hajui kuandika. Huharibika kwa sababu alishika kalamu kabla mambo hayajaamuliwa. Ukumbi haujaombwa, mgeni hajathibitisha, hakuna aliyekaa kuhesabu ni wangapi wataweza kupanda jukwaani. Basi maneno mazuri huitwa kuja kuziba mapengo. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa shule ataitambua sauti yake. Shule ni ya sekondari ya kutwa, mjini Tanga, na rasimu ya kwanza ya Klabu ya Kiswahili inasema hivi:

"Uongozi wa Klabu ya Kiswahili unapenda kuchukua nafasi hii adhimu kuwatangazia wanafunzi wote kwamba kutakuwa na jioni ya mashairi itakayofanyika Ijumaa ijayo kuanzia saa 4:30 jioni ukumbini. Kama tunavyojua sote, ushairi ni hazina ya lugha yetu na urithi wa mababu zetu, hivyo hatuna budi kuuenzi. Kutakuwa na wageni mbalimbali na burudani kabambe. Wanaopenda kushiriki wajiandikishe mapema kwani nafasi ni chache. Wote mnatakiwa kuhudhuria bila kukosa. Nyote mnakaribishwa."

Maneno ni 67. Sarufi haina kasoro kubwa na heshima imo. Hata hivyo mwanafunzi aliyeyasoma yote hawezi kufika kwenye jioni hiyo bila kumuuliza mtu. Jambo lenyewe, yaani jioni ya mashairi, linaanza kutajwa kwenye neno la 17. Yaliyotangulia ni mlango wa salamu. Mlango wa aina hiyo una mahali pake kwenye hotuba, ambako wasikilizaji wanahitaji muda wa kutulia vitini. Anayesoma tangazo hana kiti.

Kosa la kwanza la maana ni "Ijumaa ijayo". Tangazo likibandikwa Jumatatu, wapo watakaoelewa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, na wapo watakaoelewa ya wiki inayofuata, kwa hoja kwamba ya karibu ingeitwa "Ijumaa hii". Hoja zote mbili zina mashiko, na ndiyo maana hazifai kuachiwa msomaji azipatanishe. Tena karatasi hukaa ukutani siku kadhaa. Aliyekuwa nyumbani na homa akarudi Jumatatu ya pili atalisoma tangazo lile lile, na "ijayo" yake itakuwa nyingine kabisa. Maneno kama kesho, keshokutwa, wiki ijayo na mwisho wa mwezi huhesabiwa kutoka siku ya anayesema, na karatasi haisemi siku moja tu.

Dawa yake ni kuandika siku ya wiki pamoja na tarehe: Ijumaa, 24 Julai 2026. Viwili hivyo havirudiani bure. Siku ya wiki humsaidia msomaji kupima ratiba yake mwenyewe (Ijumaa ana zamu ya kuchota maji, Ijumaa mama yuko gulioni), na tarehe huiweka siku hiyo mahali pamoja kwenye kalenda. Vilevile huchungana. Mwandishi akiandika kwa bahati mbaya "Ijumaa, 25 Julai 2026", mwenye kalenda ataona kwamba tarehe hiyo ni Jumamosi na kosa litajulikana mapema. Ingeandikwa tarehe peke yake, kosa lingepita kimya na kungoja siku yenyewe.

Kosa la pili ni saa, na hili ni la Kiswahili hasa. Saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko na kuanzia machweo: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, saa moja usiku ni ya kwanza ya giza. Simu ya mkononi, kwa upande wake, huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, hivyo saa 10 na nusu jioni huonekana kwenye kioo chake kama 4:30 PM au 16:30. Katibu wa klabu aliitazama simu yake, akaiona ile nne, akaiandika, kisha akaongeza "jioni". Matokeo yake ni saa ambayo haipo. Kwa hesabu ya Kiswahili saa 4:30 ni ya asubuhi au ya usiku, basi. Hakuna saa nne ya jioni.

Katika mfano huu neno "jioni" linaokoa, kwa sababu msomaji makini atashtuka na kukisia kilichokusudiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa "saa 6:00 jioni", ambayo bila shaka ni saa 12 iliyovaa tarakimu za simu. Hatari kubwa iko pale ambapo kosa halishtui. Shule ya bweni ikitangaza mashairi "saa 2:00 usiku", je, ni saa mbili baada ya mlo wa jioni, au ni tarakimu ya simu, yaani saa nane za usiku? Hapa akili ya kawaida inajibu. Lakini kikao cha walimu na washairi kikitangazwa kuwa "saa 3:00" bila neno la kuifuata, mmoja atafika asubuhi na mwingine alasiri, na wote wawili watakuwa wamesoma sawasawa.

Kanuni inayotosha ni kutumia hesabu moja tu, ile ya lugha ya tangazo, na kuiandamanisha daima na kipindi cha siku: saa 10:30 jioni. Kuna wanaoandika saa zote mbili, ya Kiswahili na ya simu, ili kumridhisha kila mtu. Kwa tangazo la wageni kutoka mbali huenda ikafaa. Kwa ubao wa shule, saa mbili katika mstari mmoja ni nafasi mbili za kukosea.

Upande wa usiku una mtego wa zamani zaidi, nao unastahili kuelezwa kwa sababu jioni za mashairi mara nyingi huingia gizani. Katika desturi ya Waswahili wa mwambao, siku huanza magharibi, jua linapozama, kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Pangani au wa Lamu ni ule usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kijana aliyezoea kalenda ya ukutani anauita Alhamisi usiku. Mtu akialikwa maulidi usiku wa Ijumaa akaenda Ijumaa baada ya chakula cha usiku, atakuta mikeka imeshakunjwa tangu jana. Magazeti huukwepa utata huu kwa kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Tangazo la shughuli ya usiku lina njia rahisi: litaje tarehe na saa, na kama shaka bado ipo, liongeze alama ambayo kila mwanafunzi anaijua, kwa mfano "baada ya vipindi vya Ijumaa".

Klabu ya mfano huu haikuhitaji kufika huko, kwa kuwa wanafunzi wake ni wa kutwa na giza lisingewafaa. Saa ya shughuli yao ilitokana na mambo mawili. La kwanza ni swala ya alasiri, ambayo Tanga mwezi wa Julai inaingia kidogo kabla ya saa 10. Kuanza saa 10 kamili kungewanyima baadhi ya wanafunzi ama swala ama ufunguzi. La pili ni jua, ambalo wakati huo wa mwaka huzama muda mfupi kabla ya saa 12 na nusu. Kati ya mipaka hiyo miwili kuna nafasi ya saa moja na nusu, kuanzia saa 10:30 hadi saa 12:00 jioni, na bado watoto watakuwa njiani mwanga ungalipo.

Kutokana na hilo inaonekana kwa nini saa ya kumaliza ni lazima iwemo. Rasimu inasema "kuanzia" na kuishia hapo, na hilo ndilo pengo linalopatikana mara nyingi kuliko yote. Kwa mwandishi, mwisho wa shughuli hauna haja ya kutangazwa, kwa kuwa kila aliyekuwepo atauona. Kwa msichana wa Kidato cha Pili anayeomba ruhusa nyumbani, mwisho ndilo swali la kwanza atakaloulizwa, hata kabla ya kuulizwa mashairi ni nini. Mzazi akijibiwa "sijui", ruhusa haitoki. Tangazo lisilotaja saa ya kumaliza huwafungia nje wale hasa ambao wazazi wao wana uangalifu.

Mahali panaelezeka kwa ufupi. "Ukumbini" ni jibu pale tu ambapo kuna ukumbi mmoja na wote wanauita hivyo. Shule hii ina bwalo ambalo baadhi ya wanafunzi huliita ukumbi, na ina maktaba, ambayo ndiyo iliyoombwa. Basi iandikwe maktaba, kwa jina linalotumika mdomoni mwa wanafunzi na siyo lile lililochorwa juu ya mlango siku ya uzinduzi.

Walengwa nao ni mahali pa kuamua. "Wanafunzi wote" katika shule ya madarasa manne ni wazi, lakini hata huko wa Kidato cha Kwanza huwa na mazoea ya kudhani kwamba "wote" maana yake ni wakubwa. Kuwataja, "Kidato cha Kwanza hadi cha Nne", huondoa woga huo kwa maneno machache.

Kisha kuna jambo la kitenzi, na hapa rasimu inajigonga yenyewe. Sentensi yake ya mwisho kasoro moja inasema wote "mnatakiwa kuhudhuria bila kukosa". Ya mwisho inasema nyote "mnakaribishwa". Kutakiwa ni amri. Mwanafunzi anayetakiwa kuhudhuria akikosa ana kosa, na mwalimu wa zamu anaweza kumuuliza alikuwa wapi. Kukaribishwa ni hiari. Msomaji hawezi kuwa katika hali zote mbili, na mazoea ya shule yatamfanya achague amri, aje amekunja uso. Kama shughuli ni mwaliko, kitenzi kimoja kinatosha: klabu "inawaalika". Kama ni lazima, isemwe kuwa ni lazima, na hapo litakuwa agizo linalotoka kwa mkuu wa shule, siyo tangazo la klabu.

Sentensi ya hazina na urithi wa mababu ni ya kuondolewa nzima. Si kwamba ni ya uongo. Ni kwamba haimsaidii mtu kufika, na anayehitaji kushawishiwa hatashawishiwa na maneno ambayo ameshayasikia kwenye kila sherehe. Wageni "mbalimbali" nao waondoke, isipokuwa kama kuna malenga aliyealikwa na aliyekwisha kukubali. Akiwa amekubali, atajwe kwa jina, kwani jina lina nguvu kuliko wingi usio na sura. Akiwa hajakubali, asidokezwe kabisa. Katika mfano huu hakuna aliyethibitisha, kwa hiyo mstari huo umefutwa bila majonzi.

Sehemu inayobaki ndiyo nzito, nayo rasimu imeipa maneno manane tu: wanaopenda kushiriki wajiandikishe mapema kwani nafasi ni chache. Kushiriki kufanya nini? Mapema kabla ya lini? Kwa nani? Chache ngapi?

Kwanza ni kitendo chenyewe. Shairi la Kiswahili husomwa, huimbwa na hughanwa, na mambo hayo si mamoja. Kughani ni kulitoa shairi kwa sauti ya mahadhi, katikati ya kusema na kuimba, bila ala kwa kawaida. Mwanafunzi aliyeandaa bendi na aliyeandaa karatasi ya kusoma wote wanaweza kujiona ndani ya neno "kushiriki". Tangazo likisema "kughani", wengi wataelewa la kufanya.

Pili ni aina ya utungo. Kwa miongo kadhaa sasa neno "shairi" halina maana moja kwa wasomaji wote. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi kiliuweka wazi mkondo wa mapokeo: vina, mizani, mishororo na beti. Kisha katika 1974 Euphrase Kezilahabi akachapisha diwani yake, Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ubishi uliozuka haujazimika kabisa hadi leo. Mwanafunzi anayetunga mashairi huru, akisoma tangazo lisilosema neno juu ya jambo hili, atajiuliza kama atachekwa. Maneno matatu, "kimapokeo au huru", yanamjibu. Na kama klabu inataka mapokeo pekee, pia iseme. Kumrudisha mtu na karatasi yake mlangoni ni fedheha isiyo ya lazima.

Kuna pia ngonjera, utungo wa majibizano unaoghanwa na watu wawili au zaidi, ambao Mathias Mnyampala aliutumia sana baada ya Azimio la Arusha la 1967 na ambao shule za Tanzania hazijauacha. Ngonjera huleta swali la hesabu: kikundi cha wanne kinachukua nafasi moja au nne? Klabu iliamua kwamba nafasi ni ya utungo, siyo ya mtu. Uamuzi huo ulileta pia faida ya lugha. Mwandishi alikuwa akihangaika na "shairi lake, utenzi wake au ngonjera yake", kila moja na upatanisho wake, na mstari ukirefuka. Neno "utungo" linayabeba yote matatu kwa upatanisho mmoja.

Tatu ni urefu, na hapa hesabu kidogo inahitajika, ambayo haitaonekana kwenye tangazo lakini ndiyo inayolishikilia. Dakika zilizopo ni 90. Ufunguzi umepewa 10, mazungumzo juu ya tungo zilizosikika 15, na kufunga 5. Zinabaki 60. Shairi la tarbia, lenye mishororo minne kila ubeti na mizani 16 kila mshororo, lina mizani 64 katika ubeti mmoja. Mghani asiye na pupa, mwenye kurefusha vina na kuvuta pumzi, huumaliza ubeti kwa nusu dakika au zaidi kidogo. Beti tano au sita, pamoja na kupanda jukwaani, kujitambulisha na kupigiwa makofi, zinafika dakika tano. Sitini zikigawiwa kwa tano ni 12. Ndiyo nafasi hizo.

Kikomo kingeweza kuwekwa kwa beti badala ya dakika, na walimu wengi hupendelea hivyo kwa kuwa beti huhesabika kwenye karatasi. Lakini ubeti wa utenzi una mishororo minne ya mizani minane, kwa hiyo ni nusu ya ule wa tarbia, na shairi huru pengine halina beti za kuhesabu. Dakika huwatendea wote sawa. Udhaifu wake ni kwamba mwanafunzi asiyejipima nyumbani hatajua kama amezidi, jambo ambalo katibu anaweza kulikagua siku ya kujiandikisha kwa kumwomba aghani mbele yake.

Nne ni mwisho wa kujiandikisha. Wengi huandika "kabla ya Jumatano", na hapo huzuka ubishi Jumatano asubuhi: anayekuja siku hiyo amechelewa au hajachelewa? Kwa maana ya neno amechelewa. Kwa mazoea ya watu hajachelewa. Afadhali kuandika "mwisho Jumatano", na kutia saa. Jumatano, 22 Julai, saa 8:00 mchana, inamwachia katibu siku mbili za kupanga orodha. Na huyo katibu atajwe kwa cheo na mahali anapopatikana, Kidato cha Tatu B, kwani si kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anamjua kwa sura. Namba ya simu haina haja kwenye ubao unaosomwa na kila mpita njia.

Baada ya maamuzi hayo kufanywa, uandishi wenyewe huchukua dakika chache. Jina la shule limo tayari kwenye kichwa cha karatasi, na chini yake tangazo linasomeka hivi:

TANGAZO
JIONI YA MASHAIRI

Klabu ya Kiswahili inawaalika wanafunzi wote wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne kuja kughani na kusikiliza mashairi.

Siku: Ijumaa, 24 Julai 2026
Saa: 10:30 jioni hadi 12:00 jioni
Mahali: Maktaba ya shule

Hakuna kiingilio. Mavazi ni sare ya shule.

Anayetaka kughani: utungo wake mwenyewe, wa kimapokeo au huru, usiozidi dakika 5. Nafasi ni 12. Jiandikishe kwa Katibu wa Klabu, Kidato cha Tatu B. Mwisho Jumatano, 22 Julai, saa 8:00 mchana.

Katibu, Klabu ya Kiswahili
13 Julai 2026

Anayehesabu atagundua jambo la kuchekesha: tangazo hili lina maneno mengi kuliko rasimu. Ufupi wake hauko kwenye idadi. Uko kwenye namna linavyosomeka. Rasimu ilikuwa donge moja, na ili kuipata saa mtu alilazimika kupita kwenye hazina na mababu. Hapa anayetafuta saa huenda kwenye mstari wa saa, na asiyetaka kughani huiacha aya ya mwisho bila hasara yoyote. Ndiyo sababu masharti ya waghani yamewekwa chini ya habari za wasikilizaji: wasikilizaji ni wengi, waghani ni 12.

Mistari ya kiingilio na sare inaweza kuonekana ya ziada. Ipo kwa sababu hayo ndiyo maswali mawili ambayo mwanafunzi huona haya kuyauliza. Asiye na hela hatauliza kiingilio ni kiasi gani, hatakuja tu. Na neno "jioni" humfanya mtu afikirie nguo za sherehe, ambazo si kila nyumba inazo.

Tarehe iliyo chini kabisa ni ya siku ya kutangaza, nayo isiwekwe juu, mahali ambapo jicho linaweza kuidhania kuwa ya shughuli. Kati ya 13 na 24 Julai ni siku 11. Zingekuwa tatu, mtu asingepata muda wa kutunga. Zingekuwa arobaini, karatasi ingegeuka sehemu ya ukuta na watu wangeacha kuiona.

Kabla ya kubandikwa, tangazo hupelekwa kwa mkuu wa shule au kwa mwalimu anayesimamia klabu ili liidhinishwe, na katika shule nyingi hupigwa muhuri. Mwandishi mzuri huacha nafasi ya muhuri huo pembeni, la sivyo utaangukia palipoandikwa saa. Kichwa, siku, saa na mahali huandikwa kwa herufi zinazosomeka kutoka hatua tatu nyuma. Kama kalamu ni moja na mwandiko ni wa mkono, herufi kubwa zitumike kwa kichwa pekee, kwani aya nzima ya herufi kubwa huchosha macho kuliko inavyovutia. Mapambo ya maua na picha ya mkono ulioshika kalamu yana mahali pake, mradi yasisogeze maneno pembeni.

Njia moja ya kulipima tangazo ni kumpa mwanafunzi ambaye hakuhusika nalo alisome mara moja, kisha karatasi igeuzwe. Aulizwe: siku gani, saa ngapi, wapi, linaisha lini, na ukitaka kughani unamwona nani. Akikosea jambo, mstari wa jambo hilo ndio wa kurekebisha. Haisaidii kumuuliza kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo.

Tangazo hilo hilo mara nyingi husomwa pia mstarini asubuhi, na sikio lina madai yake. Msikilizaji hawezi kurudi nyuma, kwa hiyo siku na saa husemwa mara mbili, mwanzoni na mwishoni, na masharti ya waghani hufupishwa: "maelezo ya kujiandikisha yako ubaoni." Kwa upande mwingine sauti ina ruhusa ambayo karatasi haina. Kiranja anayesimama Jumatatu ya tarehe 20 anaweza kusema "Ijumaa hii", kwa sababu wote wanaomsikia wako katika Jumatatu moja.

Yakitokea mabadiliko, tarakimu isikwanguliwe wala isiandikwe nyingine juu yake. Saa iliyosahihishwa kwa kalamu humwacha msomaji akijiuliza nani kaisahihisha, klabu au mtundu fulani wa Kidato cha Pili. Tangazo la zamani hubanduliwa kila lilipo, na jipya hubandikwa likiwa na neno MABADILIKO juu, likitaja kilichobadilika katika mstari wa kwanza: "Jioni ya Mashairi itafanyika bwaloni, siyo maktaba." Mengine yote huandikwa tena kikamilifu, kwa ajili ya ambaye hakuliona la kwanza. Na shughuli ikishapita, Jumatatu asubuhi ya tarehe 27, katibu hulitoa ubaoni.